Uzi: Daktari anayemaliza uanagenzi aandike vipi idadi za upasuaji, ukaguzi na mitihani katika wasifu wake?

BintiBombo

Salaam kwenu nyote. Nimebakiza wiki tatu nimalize mwaka wangu wa uanagenzi katika hospitali moja ya rufaa hapa Uganda, ambayo naomba nisiitaje. Nimeomba kazi sehemu sita, zikiwamo hospitali mbili za misheni na shirika moja linalowahudumia wakimbizi kule Kyangwali. Ni sehemu moja tu iliyonijibu, na jibu lenyewe lilikuwa na sentensi moja: "Tunaomba ufafanuzi wa idadi ya taratibu ulizoandika." Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na bado sijui kama wanataka maelezo au wananiambia kwa adabu kwamba mimi ni mwongo.

Naweka hapa sehemu inayohusika ya wasifu wangu kama ilivyo, ili anayejua anioneshe kosa liko wapi.

> Uanagenzi: Hospitali ya rufaa, miezi 12 (tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake).
> Taratibu: Upasuaji wa kujifungua 112. Kutoa maji ya uti wa mgongo 34. Mpira wa kifua 9. Kuzalisha kwa vakyumu 6. Kusafisha kizazi, nyingi sana.
> Mitihani: Nimefaulu mtihani wa leseni wa Baraza. PLAB inaendelea.
> Utafiti: Nilifanya utafiti uliopunguza vifo vya malaria katika wodi ya watoto.

Wasifu mzima una kurasa nne. Nitashukuru kwa ukosoaji wa wazi, hata ukiwa mkali.

MgangaWaMilimani

Karibu, Daktari. Nimefanya kazi magharibi mwa nchi kwa miaka kumi na moja, na kwa karibu nusu ya miaka hiyo nimekuwa nikikaa kwenye kamati ya kuajiri madaktari ya hospitali yetu, kwa hiyo nitakueleza tunavyousoma wasifu wa namna hii tukiwa watatu mezani na chai imepoa.

Mtu wa kwanza huona "112" na kuanza kupiga hesabu. Miezi mitatu ya uzazi ni wiki kumi na tatu. Tukikadiria kwamba ulikuwa na zamu tatu za chumba cha upasuaji kila wiki, hizo ni zamu 39, na 112 ukizigawa kwa 39 unapata karibu tatu kwa kila zamu, bila kukosa hata zamu moja kwa ugonjwa, msiba au kukatika kwa oksijeni. Halafu tunajiuliza mlikuwa wanagenzi wangapi katika idara hiyo mliokuwa mkigombania meza hiyo hiyo. Katika hospitali zetu kubwa idadi hiyo inawezekana kabisa, nami nimewaona walioifikia, lakini karatasi yako haituambii chochote kitakachotufanya tuiamini. Haisemi ni mara ngapi ulishika kisu mwenyewe, mara ngapi ulishikilia ndoano tu, na mara ngapi msimamizi alikuwa amesimama mbele yako.

Kwetu tofauti hiyo ni ya usalama. Nikikuajiri, usiku wa kwanza nitakuacha na mtaalamu wa usingizi na wakunga wawili, nami niko nyumbani umbali wa dakika ishirini. Ninachotaka kujua ni kama umewahi kufungua tumbo la mama ambaye ameshapasuliwa mara mbili, na ulifanya nini ulipokuta kibofu kimegandamana na kizazi. "112" haijibu swali hilo, na "nyingi sana" inanitia wasiwasi zaidi ya kukaa kimya, kwa sababu inaonyesha kwamba mwandishi hakuhesabu.

Nijibu jambo moja kwanza. Katika daftari lako la taratibu, lile linalosainiwa na wasimamizi, hiyo 112 imegawanyika vipi?

BintiBombo

Nimelifungua sasa hivi na naona aibu kidogo. Zilizosainiwa ni 88. Kati ya hizo nilikuwa msaidizi mara 17, nikapasua mwenyewe msimamizi akiwa mezani mara 42, na nikapasua mwenyewe msimamizi akiwa jengoni au kwenye simu mara 29. Zile 24 zilizobaki nilizifanya baada ya kurasa za daftari kujaa, nikawa ninaziandika kwenye simu nikitarajia kuletewa daftari jipya, ambalo lilikuja mwezi uliofuata nikiwa nimeshahamia idara nyingine.

Dkt_Ishaka

Mimi ni Mkenya, nilisomea Ishaka na uanagenzi nikaufanyia hapa hapa Uganda. Dada, usijinyime. Hizo 17 za usaidizi ziache ndani ya jumla, kwa maana kila mtu hufanya hivyo, na ukiwa wewe peke yako unayepunguza utaonekana dhaifu mbele ya wenzako. La pili, futa kabisa hilo la malaria, kwa sababu ukaguzi wowote unaogusa mafaili ya wagonjwa bila kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia ni kosa, na ukiulizwa namba ya kibali utakwama. La tatu, PLAB ipandishe juu kabisa chini ya jina lako. Mtihani wa Uingereza unaheshimika kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho.

Na kama unafikiria kwenda huko, andika tarehe kamili za kila idara. Baraza lao la udaktari linataka uanagenzi wa miezi 12 mfululizo, ambao ndani yake kuna miezi mitatu ya tiba ya ndani na mitatu ya upasuaji. Mwenzangu mmoja aliandika "2022 hadi 2023" tu, na barua za kuulizana zikachukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe.

MhasibuKololo

Samahani kuingilia. Nimeona neno ukaguzi. Kwa uzoefu wangu wa hesabu, mtu hawezi kukagua idara anayoifanyia kazi mwenyewe, maana hapo uhuru wa mkaguzi haupo. Je, hospitali haina mkaguzi wa ndani wa kufanya hiyo kazi ya malaria?

MgangaWaMilimani

Ndugu Mhasibu, hapa tunazungumzia ukaguzi wa huduma ya kitabibu, ambao daktari na muuguzi hulinganisha walichowafanyia wagonjwa na kile mwongozo unachosema kilipaswa kufanywa. Hakuna fedha ndani yake. Hata hivyo umegusa jambo la kweli: anayejikagua mwenyewe hupenda kujipa alama nzuri, ndiyo maana nitamuuliza Daktari ni nani aliyesoma yale mafaili.

Sasa nirudi kwa kaka wa Ishaka. Kuhusu tarehe kamili yuko sahihi, na hata sisi wa hapa tunazihitaji. Andika idara moja kwa mstari mmoja, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, pamoja na cheo cha msimamizi. Kama kulikuwa na miezi baada ya kuhitimu ambayo ulikuwa unasubiri kupangiwa kituo, iandike hivyo hivyo kwa mstari mmoja. Kila mjumbe wa kamati anaijua hali hiyo, lakini pengo lisiloelezwa huzua maswali.

Kuhusu kujumlisha usaidizi na upasuaji, nampinga kabisa. Si kweli kwamba kila mtu hufanya hivyo, na anayefanya hivyo hukamatwa kwenye usaili ndani ya dakika tano. Mwaka fulani tulimsaili kijana aliyeandika kwamba ameondoa kidole tumbo mara 20. Tukamwomba atusimulie jinsi anavyokipata kile kidole kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo mpana, naye akatusimulia vizuri sana jinsi bingwa wake alivyokuwa akikipata. Alikuwa kijana mzuri. Tungemchukua kama angeandika kwamba alisaidia mara 20.

Kuhusu kibali, kaka amechanganya mambo mawili. Utafiti ndio unaopitia kamati ya maadili ya utafiti na kisha kusajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukaguzi wa ndani unaofanywa ili kurekebisha huduma ya wodi huhitaji ruhusa ya uongozi wa hospitali na mkuu wa idara, kwa maandishi. Mstari kati ya hayo mawili huvukwa pale unapoamua kuchapisha matokeo. Hapo unapaswa kuiendea kamati ya maadili kabla hujaanza kukusanya, ikupe kibali au barua ya kukusamehe kibali, kwa sababu ukishakusanya hakuna kamati itakayokubariki kinyumenyume. Kwa hiyo Daktari, ulikuwa na ruhusa ya nani, na ulifanya nini hasa?

BintiBombo

Nilikuwa na barua ya mkuu wa idara ya watoto, yenye muhuri. Kazi ilianza usiku mmoja alipoletwa mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali, degedege na hemoglobini ya 4. Niliandika artesuneti miligramu 36, muuguzi akaniuliza kwa upole kwa nini nimeandika nyingi, kwa sababu wao walizoea kumpa mtoto wa uzito huo kama 29. Tulipofungua mwongozo tukaona kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na zile 2.4 ni za kuanzia kilo 20 kwenda juu. Wodi nzima ilikuwa inatumia kipimo cha watu wazima kwa watoto wote.

Nikachukua mafaili 40 ya watoto wa chini ya kilo 20 waliolazwa kwa malaria kali. Nilitazama vitu vitatu: uzito umeandikwa, dozi ya kwanza inalingana na uzito huo, na dozi tatu za mwanzo zimetolewa mtoto anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Mafaili yaliyotimiza yote matatu yalikuwa 17. Tukabandika jedwali la uzito na dozi kwenye toroli la dawa, mizani ikahamishwa kutoka ofisi ya muuguzi mkuu hadi mlangoni pa kupokelea wagonjwa, na baada ya wiki nane nikasoma mafaili mengine 40. Yaliyotimiza yakawa 31. Mafaili niliyasoma mimi mwenyewe, mara zote mbili.

Mama_Wodi

Mwanangu, nimesoma kimya tangu mwanzo lakini hapa nitasema. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 26, kumi ya mwisho nikiwa kwenye chumba cha upasuaji. Unasema "mizani ikahamishwa", utadhani ilitembea kwa miguu yake. Mizani ya wodi haihami mpaka muuguzi mkuu akubali, na jedwali la toroli halidumu wiki nane bila mtu wa kulibandika tena kila linapolowa. Katika karatasi yako mtaje huyo muuguzi kwa cheo chake. Mwajiri mwenye akili akiona hivyo atajua kwamba unaweza kuishi na watu wa wodini.

Jambo la pili ni zile 24. Umesahau daftari kubwa la chumba cha upasuaji. Kila anayelazwa juu ya ile meza huandikwa: tarehe, namba ya mgonjwa, sababu ya upasuaji, aina ya upasuaji, aliyepasua, aliyesaidia, aliyetoa usingizi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nenda kwa msimamizi wa chumba, usimpelekee maneno mengi, mwombe ukae na lile daftari mchana ambao hakuna orodha ya upasuaji. Ukizikuta kesi zako, andika namba ya ukurasa wa daftari kubwa pembeni ya kila kesi ndipo umpelekee msimamizi wako asaini.

Ila nakuonya mapema. Mara nyingine sisi tunaoandika tunaweka jina la bingwa kwenye nafasi ya mpasuaji hata kama alikuwa mlangoni akiangalia tu, na mahali pa mwanagenzi tunaandika "Daktari" bila jina, hasa saa tisa usiku. Usishangae ukijikuta hupo mahali ambapo unakumbuka mpaka rangi ya kofia uliyovaa.

MgangaWaMilimani

Mama amemaliza. Naongeza moja tu, kwamba msimamizi anaposaini kwa kuchelewa aandike tarehe ya siku anayosaini. Nimeona madaftari ambamo saini 30 zina kalamu moja, mwandiko mmoja na tarehe za miezi mitatu tofauti, na mtu akiona hivyo hata kesi za kweli huacha kuziamini. Saini iliyochelewa na kusema imechelewa haina ubaya wowote.

Zile ulizoziandika kwenye simu, tafadhali hakikisha hazina majina ya akina mama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na simu ya daktari huibiwa kwenye matatu kama simu ya mtu mwingine yeyote.

Sasa kuhusu malaria. Ulichofanya ni kizuri na umekiandika kwa namna inayokiharibu. Kwanza si utafiti, ni ukaguzi wa huduma, tena uliokamilisha mzunguko, maana ulipima, mkabadilisha, ukapima tena. Wanagenzi wengi huishia kupima mara ya kwanza tu. Pili, hukupima vifo. Ulipima kama dozi ni sahihi. Kati ya vipimo vyako viwili msimu wa mvua unaweza kuwa umeisha, damu ya kuongezea inaweza kuwa imepatikana kwa wingi zaidi, na watoto walioletwa wanaweza kuwa hawakuzidiwa kama wa mwanzo. Ukiandika "uliopunguza vifo" nitakuuliza vifo vilikuwa vingapi kabla na vingapi baada, na hapo utanyamaza.

Tatu, usigeuze kuwa asilimia. "31 kati ya 40" inanionyesha kila kitu. Ukiandika asilimia 77.5 unakipa kitu kidogo sauti kubwa. Na usifiche kwamba msomaji wa mafaili alikuwa mmoja, kwa kuwa hilo ndilo swali la Mhasibu na ndilo nitakalokuuliza pia. Mimi ningeandika hivi:

> Ukaguzi wa huduma (mzunguko uliokamilika): Dozi ya artesuneti kwa watoto wa chini ya kilo 20 wenye malaria kali. Kipimo: uzito kuandikwa, miligramu 3 kwa kilo, dozi tatu ndani ya saa 24. Kabla: 17 kati ya 40. Baada ya wiki nane: 31 kati ya 40. Badiliko: jedwali la dozi na kuhamisha mizani, kwa kushirikiana na muuguzi mkuu wa wodi. Jukumu langu: kubuni ukaguzi, kusoma mafaili, kuwasilisha kwenye kikao cha idara. Ruhusa: mkuu wa idara ya watoto.

Chini yake acha nafasi, kisha kichwa tofauti cha utafiti. Kama ulifanya tasnifu ya kikundi chuoni, iandike hapo ukisema mlikuwa wangapi na wewe ulifanya sehemu gani. Kama haijachapishwa, sema haijachapishwa. "Imepelekwa kwenye jarida" iandikwe tu kama una barua pepe ya jarida inayothibitisha wameipokea.

BintiBombo

Tulikuwa wanne kwenye tasnifu. Mimi nilihoji akina mama na kuingiza data, uchambuzi aliufanya mwenzangu mwingine. Nitaandika hivyo.

Kuhusu mtihani wa leseni wa Baraza, nilidhani ndio huo mtihani wa mwisho wa chuo, kwa kuwa baada yake Baraza lilitupa usajili wa muda.

MgangaWaMilimani

Hapana, na kosa hilo nimelikuta kwa wengi. Ulifaulu mtihani wa mwisho wa chuo chako, kisha Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno likakusajili kwa muda ili ufanye uanagenzi. Mtihani wa Baraza huwakuta zaidi waliosomea nje. Ukiandika kwamba uliufaulu na wewe hukuufanya, mjumbe atadhani ulisomea nje na ukaficha, au anaweza kulipigia Baraza simu. Andika hali ilivyo leo pamoja na tarehe: usajili wa muda, namba yake, na kwamba usajili kamili utauomba baada ya kupata cheti cha uanagenzi. Ukishaupata ndipo uombe leseni ya mwaka, kisha ubadilishe mstari huo. Hakuna atakayekunyima usaili kwa sababu karatasi bado ziko njiani, lakini hatuwezi kukupangia zamu kabla hazijafika.

Kivu_Daktari

Salamu kutoka Nakivale. Mimi nilisomea udaktari Bukavu na nimefanya kazi miaka minne kule kwetu kabla ya kukimbilia huku. Naona mnazungumzia leseni, ndiyo maana ninauliza. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo nilikuwa ninaelewa kwamba usajili wangu wa kule unatambuliwa hapa moja kwa moja na mtihani haunihusu. Je, niandike "usajili unatambuliwa Afrika Mashariki" kwenye wasifu wangu? Na taratibu zangu zote ziko kwa Kifaransa, tena sisi hatukuwa na daftari la kusainiwa kama hili lenu.

Dkt_Ishaka

Kaka, nchi ikiwa mwanachama basi imekwisha. Mimi na Watanzania tuliosoma Uganda tunatambuliwa makwetu bila tabu.

MgangaWaMilimani

Dkt_Ishaka, wewe ulisoma katika chuo cha Uganda, na mabaraza ya nchi hizi yana utaratibu wao wa kukagua vyuo na kutambuana. Nchi kujiunga na Jumuiya hakuvifanyi vyuo vyake viwe vimeshakaguliwa. Ndugu yangu wa Kivu, usiandike hivyo mpaka uwe na barua ya Baraza mkononi. Peleka vyeti vyako vilivyotafsiriwa na mtafsiri anayetambulika, uulize kwa maandishi ni njia ipi inayokuhusu, na kwa sasa wasifu wako useme umesajiliwa wapi na ombi lako hapa limefika hatua gani. Kwa taratibu zako za miaka minne, barua ya daktari mkuu wa hospitali uliyofanyia kazi inayotaja idadi na kiwango cha usimamizi ni bora kuliko orodha uliyoiandika mwenyewe. Najua kwamba hospitali nyingine za kule hazina tena mtu wa kuandika barua hiyo, na kwa hali hiyo sina jibu zuri la kukupa.

Kivu_Daktari

Ya kwangu ilichomwa. Asante, Mzee. Nitaanza na barua ya kuuliza.

Mama_Wodi

Pole sana, Daktari. Mtafute yeyote mliyefanya naye kazi ambaye yuko hai na ana cheo, hata kama sasa yuko Kigali au Nairobi. Anaweza kuapa mbele ya wakili juu ya kazi aliyokuona ukiifanya. Haitakuwa sawa na daftari, lakini ni sauti ya mtu mwingine.

BintiBombo

Narudi baada ya siku nne. Nilikaa na daftari kubwa mchana mzima wa Jumamosi. Kati ya zile 24 nimezipata 19. Tano sikuziona kabisa, na mbili kati ya hizo nina hakika ni zile zilizoandikwa jina la bingwa, kama Mama alivyosema. Msimamizi wangu amesaini 16 kwa tarehe ya jana, akakataa tatu kwa sababu usiku huo hakuwa yeye aliyekuwa zamu, na aliyekuwa zamu amekwenda masomoni. Sikubishana naye.

Kwa hiyo jumla yangu sasa ni 104 badala ya 112. Nimeiandika hivi: msaidizi 20, mpasuaji msimamizi akiwa mezani 50, mpasuaji msimamizi akiwa anapatikana 34. Nimeongeza kwamba kati ya hizo nilizopasua mwenyewe, 11 zilikuwa za akina mama waliokwishapasuliwa awali, na moja ilihitaji bingwa aje kunisaidia kutenganisha kibofu. Kusafisha kizazi nimehesabu, kumbe "nyingi sana" ilikuwa 27. Kutoa maji ya uti wa mgongo nimeacha 34, lakini nimesema 34 ni mara nilizopata maji, sikuwa nimeandika nilizokosa. Wasifu umebaki na kurasa mbili.

Kwa ile sehemu ya Kyangwali nimeandika pia lugha: Kiswahili, Kinubi, Luganda na Kiingereza, Kiswahili kikiwa cha kwanza, kwa sababu wagonjwa wengi wa kule ni Wakongo.

MgangaWaMilimani

Hilo la bingwa kuitwa kwa ajili ya kibofu ndilo ningelisoma kwa sauti mezani. Linaniambia kwamba unajua kusimama na kupiga simu. Watumie hao waliokuuliza ufafanuzi, uambatanishe nakala ya ukurasa wa jumla wa daftari, na uwaeleze bila kuzunguka kwamba idadi ya kwanza ilikuwa na kesi zisizosainiwa.

Dkt_Ishaka

Bado ninasema kwamba kuwaandikia "nilikosea" ni kujikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Tuma wasifu mpya, kaa kimya. Na PLAB je? Mmeiruka.

BintiBombo

Sehemu ya kwanza nimeshajiandikisha, bado sijaifanya. Ni maswali 180 kwa saa tatu, na nikifaulu nitakuwa na miaka miwili ya kufanya sehemu ya pili kule Manchester. Nimeondoa "inaendelea" kwa sababu ukweli ni kwamba haijaanza. Swali langu ni kama niandike "nimejiandikisha" au niache kabisa.

MgangaWaMilimani

Kwa kazi ya hapa, acha. Mtihani ambao hujaufanya si sifa, na kamati ya misheni ikiuona itahesabu miezi utakayokaa nao kabla ya kuondoka. Ukiulizwa kwenye usaili, usikane.

Mama_Wodi

Hapo mimi sikubaliani na Mganga. Tumewahi kumpokea daktari aliyeficha, akaondoka mwezi wa tano na orodha ya wagonjwa wa upasuaji ikiwa imejaa, na wodi nzima ikajiona imedanganywa. Angesema mapema tungepanga. Mwanangu, mimi ningeiandika.

Dkt_Ishaka

Na mimi ningeiweka juu kabisa, lakini mmeshanikatalia.

BintiBombo

Wale wa ufafanuzi nimewatumia leo asubuhi, pamoja na maelezo ya 112 na 104. Mstari wa PLAB nimeuacha nje kwa wale wa misheni na nimeuweka ndani kwa wale wa Kyangwali, kwa sababu mkataba wao ni wa mwaka mmoja tu. Sijui kama kuwa na wasifu wa namna mbili ni sawa.